Kutoka stoo hadi benki: namna ya kukagua dawa na makusanyo ya hospitali ya wilaya

Hospitali ya wilaya nchini Tanzania hupata dawa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Ya pili ni mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ushindani katika mkoa, ambaye hospitali hununua kwake kile ambacho MSD haikuwa nacho. Utaratibu wa mshitiri ulianzia Dodoma mwaka 2014, kisha ukaenea nchi nzima. Dawa zikishaingia, hutoka kwa njia nne: kwa mgonjwa anayelipa, kwa mgonjwa wa bima, kwa mgonjwa mwenye msamaha, au kama hasara na uhamisho, yaani kuvunjika, kuisha muda wa matumizi au kupelekwa kituo kingine.

Tangu uchangiaji wa gharama uanze katika hospitali za serikali mwaka 1993, kila dawa anayopewa mgonjwa inapaswa kuacha kumbukumbu mbili. Moja ni ya mali: leja, hati ya kutolea, cheti cha dawa au chati ya matibabu. Nyingine ni ya fedha: stakabadhi, fomu ya madai ya bima au rejesta ya misamaha. Kukagua ni kuziweka kumbukumbu hizo mbili ubavu kwa ubavu. Mkaguzi anayemaliza stoo siku ya kwanza na kuhamia kwa keshia siku ya pili, bila kuunganisha alichokiona, anaweza kukuta leja imenyooka na vitabu vya fedha vimenyooka, huku dawa na fedha vikipotea katikati. Leja ya stoo huishia pale dawa inapokabidhiwa famasi, na kitabu cha fedha huanza pale stakabadhi inapokatwa. Kati ya hapo na hapo pana eneo ambalo hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivyo viwili kinacholisimamia.

Kuchagua dawa za kufuatilia

Hospitali ya wilaya huwa na mamia ya aina za dawa na vifaa tiba, na kuzikagua zote kwa kina hakuwezekani. Inafaa kuchagua chache, kumi hadi kumi na tano, na kuzifuata tangu gari la MSD linaposhusha mzigo hadi mgonjwa anapotumia. Sifa tatu huongoza uchaguzi. Dawa iwe imekula fedha nyingi katika kipindi kinachokaguliwa, iwe inauzika kwa urahisi mtaani, na iwe inahesabika bila utata. Viuavijasumu vya sindano, insulini, glovu za upasuaji na dripu huwa na sifa hizo. Dawa mseto ya malaria na vipimo vyake vya haraka navyo vinafaa kuingizwa, lakini hivyo hutolewa bure kupitia mpango wa taifa, kwa hiyo havina upande wa mapato. Kwa bidhaa hizo, mali hulinganishwa na idadi ya wagonjwa waliopimwa na kutibiwa katika rejesta za MTUHA.

Jambo linaloharibu kaguzi nyingi hapa ni kipimo. MSD huweza kuandika kopo moja kwenye ankara, leja ikaandika vidonge 1,000, famasi ikatoa pakiti za vidonge kumi kumi, na daktari akaandika miligramu. Kabla ya hesabu yoyote, karatasi ya kazi ionyeshe kipimo kimoja kwa kila dawa na jinsi vipimo vingine vinavyogeuzwa kufikia hicho. Upotevu wa vidonge 9,000 unaotajwa kwa sauti kubwa kwenye kikao cha kufunga ukaguzi, kisha ukaonekana ni makopo tisa yaliyosomwa vibaya, huondoa imani kwa hoja zote zinazofuata.

Katika maelezo yaliyobaki, dawa moja itafuatwa mwanzo hadi mwisho: seftriaksoni ya sindano, chupa ya gramu 1, katika robo ya Julai hadi Septemba. Takwimu zake ni za mfano.

Mapokezi: kuanzia nje kuja ndani

Kosa la kwanza la mkaguzi mgeni ni kuanza na leja. Leja humwambia kile ambacho mtunza stoo alikiandika. Haiwezi kumwambia kile ambacho hakukiandika. Ushahidi wa mapokezi uanze nje ya hospitali, yaani taarifa ya akaunti ya hospitali kutoka MSD, ankara za mshitiri, na malipo yaliyofanywa na mhasibu. Kila ankara iliyolipwa hufuatwa hadi hati ya makabidhiano, kutoka hapo hadi taarifa ya kamati ya mapokezi, na mwisho hadi mstari wake kwenye leja, pamoja na namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda.

Katika mfano huu, leja inaonyesha salio la chupa 320 tarehe 1 Julai, kiasi kilichothibitishwa na hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Zilipokelewa chupa 1,200 kutoka MSD na 400 kutoka kwa mshitiri. Taarifa ya akaunti ya MSD inakubaliana na leja. Ankara ya mshitiri iliyolipwa ni ya chupa 500. Hati ya makabidhiano imesainiwa kwa chupa 500, na taarifa ya kamati ya mapokezi nayo inataja 500. Chupa 100 zimelipiwa na hazikuingia kwenye leja.

Hilo linaweza kuwa na maelezo zaidi ya moja. Mshitiri huenda alileta 400 na kuahidi kuleta zilizobaki, kisha kamati ikasaini bila kuhesabu. Au zilifika zote na 100 hazikuvuka mlango wa stoo. Mkaguzi hutenganisha mambo hayo mawili kwa kuwauliza wajumbe wa kamati mmoja mmoja iwapo walihesabu mzigo na wapi, kwa kumwandikia mshitiri kuomba nakala yake ya hati, na kwa kutafuta barua yoyote ya upungufu iliyoandikwa wakati huo. Ikiwa wajumbe wote wanakiri kwamba waliletewa karatasi ofisini wakasaini, hoja ni nzito hata kama chupa zitapatikana, kwa maana kinga ya mapokezi haikuwepo kwa bidhaa zote zilizopita mikononi mwao.

Kuhesabu stoo na kurudisha hesabu nyuma

Hesabu ya rafuni ifanyike bila mhesabuji kuona salio la leja. Anayehesabu ataje idadi, bechi na tarehe ya kuisha muda, na mwingine aandike. Maboksi yaliyofungwa yafunguliwe kwa sampuli, hasa yaliyo nyuma na juu, kwa sababu boksi tupu lililobandikwa gundi upya hubaki na umbo lake. Wakati wa kuhesabu, stoo isitoe wala kupokea kitu.

Mara chache ukaguzi hufanyika siku yenyewe ya kufunga kipindi. Tuseme hesabu imefanyika tarehe 4 Oktoba na zimekutwa chupa 372. Hati za kutolea za tarehe 1 hadi 4 Oktoba zinaonyesha chupa 48 zilizotoka kabla ya hesabu, na hakuna mapokezi. Kwa hiyo tarehe 30 Septemba zilikuwepo 372 kujumlisha 48, yaani 420. Leja nayo inasema hivi: salio 320, mapokezi 1,600, jumla 1,920. Zilizotolewa kwenda famasi ni 1,500, zimebaki 420. Rafu na leja vinakubaliana.

Mtu akiishia hapo ataandika kwamba usimamizi wa stoo unaridhisha. Zile chupa 100 za mshitiri hazikuwahi kuingia kwenye leja, kwa hiyo kuilinganisha leja na rafu hakuwezi kuzigundua. Na kila kilichotokea baada ya chupa 1,500 kukabidhiwa famasi bado hakijaguswa.

Kabla ya kuondoka stoo, hati za kutolea zenyewe zisomwe. Zinapaswa kufuatana kwa namba, kila moja ikiwa na aliyeomba, aliyeidhinisha, aliyetoa na aliyepokea. Hati iliyosainiwa na mtu mmoja sehemu mbili, hati iliyoandikwa tarehe moja na nyingine kumi kwa kalamu ileile, na kiasi kinachotoka kwa tarakimu za mviringo kila wiki ni dalili kwamba kumbukumbu ziliandikwa baada ya tukio ili leja ikutane na rafu. Salio linalolingana kikamilifu kwa miaka miwili mfululizo, bila chupa hata moja kuvunjika, nalo linastahili kuulizwa.

Kutoka famasi hadi kwa mgonjwa

Hapa ndipo kazi huwa ndefu, na ndipo matokeo hupatikana. Famasi na makabati ya wodi yalikuwa na chupa 60 tarehe 1 Julai. Yakapokea 1,500. Tarehe 30 Septemba yalikuwa na 90. Kwa hiyo chupa 1,470 zimetoka mikononi mwa watumishi, na swali ni zilikwenda kwa nani.

Jibu hutafutwa kwenye vyeti vya dawa vya wagonjwa wa nje na chati za matibabu za waliolazwa. Stakabadhi zisitumike kujibu swali hili. Stakabadhi ndizo zitakazopimwa baadaye, na kitu hakiwezi kujipima chenyewe. Kila sindano iliyosainiwa na muuguzi huhesabiwa, na mgonjwa huandikwa kwa namba ya faili, wodi, na kundi lake: analipa, ana bima, au ana msamaha.

Katika mfano huu, chati na vyeti vinatoa jumla ya gramu 1,320. Mkaguzi wa haraka angetoa 1,320 katika 1,470 na kutangaza upungufu wa chupa 150. Lakini sindano 40 kati ya hizo zilikuwa za watoto, miligramu 500 kila moja. Kwenye chati ni gramu 20. Mezani kwa muuguzi ni chupa 40, kwa kuwa kila chupa ilifunguliwa kwa mtoto mmoja na nusu iliyobaki ikamwagwa. Chupa zilizotumika kwa wagonjwa kwa hiyo ni 1,340, na pengo halisi ni 130. Kwa dawa yoyote ya sindano, lazima mkaguzi ajue chupa inafunguliwaje na nini hufanywa na kinachobaki. Mfamasia au muuguzi asiyehusika na hospitali hiyo anafaa kuwa kwenye timu kwa ajili ya maswali kama hayo.

Pengo la 130 sasa hugawanywa kwa wodi na kwa mwezi. Wodi moja iliomba chupa 240 mwezi Agosti, na chati zake zote za mwezi huo zina chupa 150. Pengo la 90 limekaa mahali pamoja. Chupa 40 zilizobaki zimesambaa kidogo kidogo katika wodi nyingine. Mgawanyo huo una maana kubwa. Upungufu uliosambaa mara nyingi hutokana na chati kutoandikwa, chupa kuvunjika bila kuripotiwa, au wodi kuazimana. Upungufu uliojikusanya wodi moja, mwezi mmoja, unahitaji kusomwa pamoja na ratiba ya zamu na kitabu cha makabidhiano ya zamu, ambamo wauguzi huandika idadi ya wagonjwa waliolala na hali zao. Ikiwa wodi iliomba chupa 20 siku ambayo wagonjwa wanaochomwa seftriaksoni walikuwa 6, ombi lile halikutokana na mahitaji ya wagonjwa.

Kuna mipaka ya kukubali. Mafaili hupotea masjala, na mgonjwa anayepewa rufaa wakati mwingine huondoka na karatasi zake. Idadi ya mafaili yaliyokosekana iandikwe waziwazi kwenye taarifa. Kama mafaili 30 kati ya 200 hayakuonekana, pengo la chupa 40 haliwezi kuitwa wizi. Linaitwa matumizi yasiyothibitishwa, na hoja huelekezwa pia kwenye utunzaji wa mafaili.

Ushahidi mwingine uko nje ya hospitali. Vifungashio vya dawa za serikali huwekwa alama ya MSD au GOT, na namba za bechi zilizopokelewa zinajulikana kwenye ankara. Dawa yenye alama hiyo ikionekana kwenye duka binafsi, bechi yake inaweza kurudishwa hadi kituo ilichopelekwa. Kazi ya kukagua maduka ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Baraza la Famasi. Mkaguzi wa hesabu hutoa taarifa kwao, haendi kupekua mwenyewe.

Fedha: ankara, stakabadhi, benki

Mgawanyo wa zile chupa 1,340 kwa makundi ni huu: wanaolipa 610, wa bima 430, wenye msamaha 300. Bei ya hospitali katika mfano ni shilingi 2,000 kwa chupa. Kwa hiyo mapato yaliyotarajiwa kwa wanaolipa ni shilingi 1,220,000. Stakabadhi zilizopo ni za chupa 560, yaani shilingi 1,120,000. Pungufu ni chupa 50, shilingi 100,000.

Kiasi hicho ni kidogo, lakini ni dawa moja kwa robo moja, na njia iliyotumika kukipoteza huwa ileile kwa dawa zote. Kwa hiyo linalotafutwa ni njia yenyewe. Katika hospitali zinazotumia mfumo wa GoTHoMIS, huduma huzalisha ankara, ankara hupewa kontroo namba kupitia mfumo wa malipo ya serikali, GePG, na malipo huingia kwenye akaunti. Kuna nambari tatu za kulinganisha kwa kila siku: ankara zilizotengenezwa, ankara zilizolipwa, na fedha zilizoonekana benki. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni ankara zilizofutwa, zilizobadilishwa au zilizoachwa bila kulipwa. Tofauti kati ya ya pili na ya tatu ni fedha iliyopokelewa na bado haijapelekwa.

Kwenye mfano, uchambuzi unaonyesha kwamba chupa 12 kati ya 50 hazikuwahi kutengenezewa ankara. Mgonjwa alipewa dawa kwa cheti cha mkono. Chupa 38 zilikuwa na ankara zilizofutwa, na nyingi zilifutwa usiku, kwa jina moja la mtumiaji, baada ya chati kuonyesha kwamba sindano imeshachomwa. Ankara inaweza kufutwa kihalali pale dawa isipokuwepo, daktari akibadilisha tiba au mgonjwa akishindwa kulipa. Ikifutwa baada ya dawa kutumika bila fomu ya msamaha, haina uhalali huo. Hata hivyo jina la mtumiaji kwenye mfumo halithibitishi ni mkono wa nani. Pale ambapo nywila hugawanywa dirishani ili foleni isikwame, mtu mwingine huweza kufuta kwa jina la mwenzake. Jina hilo lilinganishwe na ratiba ya zamu. Ikiwa mwenye jina alikuwa likizo siku hizo, hoja ya kwanza ni ya nywila.

Siku ambazo umeme au mtandao umekatika zikaguliwe peke yake. Hapo hospitali hurudi kwenye vitabu vya stakabadhi vya mkono. Orodha ya vitabu vyote vilivyotolewa na mhasibu ipatikane, kila kitabu kionekane kwa macho, kilichotumika na kisichotumika, na nakala zake zifuatwe hadi kwenye mfumo na benki. Stakabadhi zilizobaki kwenye mafaili ya wagonjwa husaidia sana: kiasi kilichoandikwa kwenye nakala ya mgonjwa kinapaswa kuwa sawa na kilichobaki kwenye kitabu. Mahali ambapo nakala ya mgonjwa inasema 20,000 na ya kitabu inasema 2,000, karatasi ya kaboni haikuwepo wakati wa kuandika.

Pale keshia anapopokea taslimu na kuzipeleka benki kwa mkupuo, tarehe ya kupokea na tarehe ya kuweka zilinganishwe kwa kila siku ya robo. Kuchelewa kunakoongezeka taratibu, siku moja, kisha mbili, kisha tano, ni dalili kwamba fedha ya leo inaziba pengo la jana. Usuluhishi wa benki wa mwisho wa mwezi hauonyeshi hilo ikiwa pengo huzibwa tarehe ya mwisho na kufunguliwa tena tarehe ya kwanza. Hesabu ya kushtukiza ya fedha dirishani, katikati ya zamu na katikati ya mwezi, ndiyo hulionyesha.

Njia hiyo ya kuanza na huduma badala ya stakabadhi hutumika pia nje ya dawa. Rejesta ya altrasaundi, rejesta ya maabara, rejesta ya upasuaji na ya chumba cha kuhifadhia maiti zina idadi ya huduma zilizotolewa. Idadi hiyo ikitolewa misamaha na bima, kinachobaki kinapaswa kuwa na stakabadhi.

Bima na msamaha

Wagonjwa wa bima hawaleti fedha dirishani, kwa hiyo kundi hili husahaulika. Chupa 430 zilitumika kwao, na fomu za madai zilizopelekwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya zina chupa 395. Chupa 35 hospitali imezitoa bila kuzidai. Sababu zake hutofautiana na za dirishani: fomu isiyosainiwa na mgonjwa, sindano za siku ya mwisho zilizoandikwa baada ya fomu kufungwa, au fomu iliyochelewa kuwasilishwa. Mkaguzi alinganishe pia kiasi kilichodaiwa na kilicholipwa, na asome sababu za makato, kwani sababu inayojirudia kila mwezi inaonyesha kosa ambalo hakuna anayelirekebisha. Upande wa pili nao uangaliwe. Dawa iliyodaiwa ikizidi iliyo kwenye chati, hospitali imedai huduma ambayo haikutolewa, na hilo ni kosa zito zaidi ya kutodai.

Misamaha inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma ni miongoni mwa waliosamehewa kwa sera. Msamaha wa mtu asiye na uwezo hupitia ustawi wa jamii. Kwa kuwa kundi hili halina fedha wala fomu ya bima, ndilo rahisi kutumika kufunika dawa iliyopotea au fedha iliyochukuliwa: mgonjwa analipa taslimu, na kwenye mfumo anaandikwa amesamehewa.

Kwenye mfano, chupa 300 zilikwenda kwa wagonjwa 46. Mafaili yao yote yanatafutwa. Yanaonekana 41, na umri au hali yao inakubaliana na msamaha. Majina matano, yenye chupa 32, hayana faili, hayapo kwenye rejesta ya kulazwa wala kwenye kitabu cha wodi. Hizo 32 huondolewa kwenye matumizi yaliyothibitishwa. Ni lazima taarifa iandikwe kwa namna isiyowaumiza wanaostahili. Mganga Mfawidhi akisoma kwamba misamaha ni mingi mno, ataanza kuibana, na mama mwenye mtoto mgonjwa ndiye atakayerudishwa dirishani. Hoja ihusu majina matano yasiyo na mgonjwa, na isihusu wingi wa misamaha.

Dawa zilizoisha muda

Dawa zilizoisha muda hutengwa, huorodheshwa kwa bechi na thamani, huombewa kibali cha kufutwa vitabuni, na huteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA. Mkaguzi ahesabu zilizotengwa kwa umakini uleule wa dawa nzima, na kila bechi iliyomo airudishe kwenye ankara ya mapokezi. Bechi ambayo hospitali haikuwahi kuipokea, ikikutwa kwenye rundo la kuteketezwa, inaonyesha kwamba chupa nzima zilitoka na zilizoisha muda zikaletwa kujaza idadi. Rundo lililokwisha kuteketezwa haliwezi kuhesabiwa tena, kwa hiyo orodha na picha za kabla ya kuteketeza ziwe zimesainiwa na mtu asiye wa stoo wala famasi.

Kiasi kikubwa kilichoisha muda kiulizwe pia kilifikaje. Ikiwa kilipokelewa kikiwa kimebakiza miezi miwili, tatizo liko kwenye mapokezi. Ikiwa maombi yalizidi matumizi ya kawaida mara tatu, liko kwenye makadirio. Ikiwa bechi mpya ilitoka kabla ya ya zamani, liko kwenye upangaji wa rafu.

Kuandika hoja

Matokeo ya mfano ni chupa 100 zilizolipiwa bila kuingia leja, 130 zisizo na mgonjwa, 50 zilizotumika bila stakabadhi, 35 zisizodaiwa bima, na 32 za misamaha isiyothibitishwa. Kuzijumlisha na kuandika upungufu wa chupa 347 ni kupoteza kazi yote iliyofanyika. Kila moja ina mahali pake, mhusika wake na suluhisho lake: kamati ya mapokezi na mshitiri, muuguzi kiongozi wa wodi, mhasibu na wenye haki ya kufuta ankara, kitengo cha bima, na ofisi ya ustawi wa jamii.

Kila hoja iwe na mambo manne kwa mpangilio: kilichopaswa kuwepo, kilichokutwa pamoja na namba za hati, sababu iliyothibitika au iliyobaki bila kuthibitika, na hatua inayopendekezwa yenye mhusika na tarehe. Wahusika wapewe rasimu na muda wa kujibu kabla taarifa haijaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Kamati ya Ukaguzi. Jibu likija na hati, kwa mfano barua ya kuhamishia chupa 30 kituo cha afya, hati hiyo ithibitishwe kwenye leja ya kituo kilichopokea kabla hoja haijapunguzwa. Barua inayotokea baada ya hoja, bila mstari wowote kwenye leja ya upande wa pili, haifungi hoja.

Hatua zinazopendekezwa zifuate mianya iliyoonekana. Kwa hospitali ya mfano ni hizi: kamati ya mapokezi kuhesabu mzigo kwenye gari kabla ya kusaini, wodi kurudisha chupa tupu za dawa teule ndipo zipewe nyingine, ankara iliyokwisha kutolewa dawa isifutwe bila idhini ya mtu wa pili, kila mtumishi kuwa na nywila yake, na fomu za bima kukaguliwa na famasi kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Robo inayofuata, mkaguzi hurudi na dawa ileile, kwa hesabu ileile, na kulinganisha mapengo. Hoja hufungwa pale pengo linapokuwa limepungua kwenye chati na leja. Barua inayosema maagizo yametekelezwa haitoshi kuifunga.